Usianze na tanga: namna ya kuvitambua vyombo kwenye picha ya bandari

Picha nyingi za bandari zetu huandikwa maelezo kwa kukisia. Chenye tanga kinaitwa jahazi, kisicho na tanga kinaitwa meli, na kinachobeba watu kinaitwa boti. Kwa mtu anayepita tu si neno. Ila mwandishi wa habari, mtunza kumbukumbu za picha au mwalimu anayetayarisha somo ataandika "majahazi yakirejea Feri" chini ya picha isiyo na jahazi hata moja, na wavuvi watamcheka.

Tatizo ni kwamba jicho hukimbilia tanga, na tanga la mwambao wetu halitofautishi chombo na chombo. Ngalawa ya mtu mmoja na jahazi la tani kadhaa hutumia tanga la namna moja: kitambaa cha pembetatu kilichofungwa kwenye mti mrefu wa mshazari, foromali, nao foromali unapandishwa mlingotini kwa kamba iitwayo henza. Tanga linaweza kukuambia kwamba chombo ni cha huku kwetu na si yoti ya mtalii. Kwenye yoti, mlingoti umesimama wima, nyaya zinaushika pande zote, na ukingo wa mbele wa tanga kubwa umeshonwa sambamba na mlingoti wenyewe. Kwenye chombo chetu mlingoti huinamia mbele, upande wa omo, na kipande cha tanga hutokeza mbele ya mlingoti. Hapo kazi ya tanga inakaribia kwisha. Yanayobaki yasome pale ubavu wa chombo unapokutana na maji.

Chukua picha iliyopigwa Dar es Salaam upande wa Magogoni, jirani na soko la samaki la Feri, ikitazama mlango wa bandari. Sijui mahali pengine pa mwambao panapofaa kwa somo hili kuliko pale, maana mlango ni mwembamba na kila kitu lazima kipite hapo: wavuvi, mizigo ya Mafia na Kilwa, boti za Zanzibar, meli za makontena, na katikati yao pantoni za Kigamboni zikikatiza toka ng'ambo hii kwenda ile. Tuseme picha yetu ina vyombo vitano, viwili vya tanga na vitatu visivyo na tanga.

Tuanze na kile kidogo cha tanga kilicho karibu na ufukwe. Mwili wake ni mwembamba mno, kiasi kwamba mvuvi akiketi ndani magoti yake yanakaribia kugusa pande zote mbili. Huo ni mwili wa mtumbwi, yaani gogo lililochongwa, na kwa desturi mti unaopendwa ni mwembe. Gogo halina upana, kwa hiyo halina nguvu ya kusimama likisukumwa ubavuni na upepo. Ukiliwekea tanga na kuliacha hivyo litapinduka kabla hujafika maji ya magoti. Ndiyo sababu mtumbwi mtupu unaoonekana pichani mara nyingi unaendeshwa kwa kafi au pondo, na ndiyo sababu ukikuta mwili wa aina hiyo umebeba tanga, unapaswa kutafuta kitu kinachouzuia usipinduke.

Kitu hicho ni ndubi. Miti miwili, mirengu, imelazwa kukatiza mwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, ikatokeza pande zote mbili. Kwenye ncha zake zimefungwa ndubi, mbao ndefu zilizowekwa kwa mshazari ili zikate maji na kuyakandamiza. Chombo kikiinama upande mmoja, ndubi ya upande huo inazama kidogo na maji yanairudisha juu. Ukiona mirengu na ndubi, hiyo ni ngalawa, hata kama tanga lake limejaa upepo vizuri namna gani. Urefu wake kwa kawaida ni mita tano au sita hivi.

Ugumu unakuja picha inapopigwa ubavuni kabisa. Ndubi ya upande wa mpigapicha inaufunika mwili, au inaonekana kama mstari tu juu ya maji, na ile ya upande wa pili imefichwa. Wengi hudanganyika hapo wakaandika mashua. Angalia basi ncha za mirengu: zinaonekana kama vifundo viwili vilivyo juu kidogo ya maji, kimoja mbele ya mlingoti na kingine nyuma yake. Angalia na povu. Mashua huacha mkia mmoja wa povu. Ngalawa yenye mwendo huacha na mchirizi mwembamba pembeni, pale ndubi inapokwaruza maji. Siku hizi miembe mikubwa imekuwa adimu na ngalawa nyingine zinaungwa kwa mbao, kwa hiyo usiseme si ngalawa kwa sababu tu umeona kiungo cha mbao ubavuni. Ndubi ndizo zinazoamua.

Chombo cha pili cha tanga kipo mbali zaidi, kinaingia na mzigo. Hakina ndubi, na hakizihitaji. Mwili wake umejengwa juu ya mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, mataruma yamesimamishwa kama mbavu, mbao zikapigiliwa juu yake na nafasi baina ya mbao zikakalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Ujenzi huo unaleta kile ambacho gogo haliwezi kutoa: upana. Tumbo pana linakaa juu ya maji bila msaada, na mzigo au mawe ya farumi yaliyowekwa chini yanaongeza utulivu. Jamii nzima ambayo wageni huita kwa jina moja tu, dhow, imejengwa kwa misingi hii, na mtu wa pwani huigawa kwa kutazama tezi, yaani nyuma.

Nyuma ikiwa bapa, kama ukuta mdogo uliokatwa wima na usukani ukaning'inizwa hapo, basi uko kwenye upande wa mashua na jahazi. Tofauti ya hao wawili ni ukubwa na kazi: mashua ni ya uvuvi na safari fupi, jahazi ni la mizigo na mara nyingi hufika mita 15 hadi 20. Nyuma ikiwa imechongoka kama mbele, una dau mkononi ikiwa ni dogo, au bumi ikiwa ni kubwa na lina gubeti refu lililonyooka kutoka mbele kama mkuki. Bumi ni chombo cha Ghuba. Zamani mabumi yalikuja na kaskazi yakirudi na kusi, na kwenye picha za zamani za Zanzibar na Bandari ya Kale ya Mombasa yamejaa tele. Sambuki nayo ni ya huko huko lakini nyuma yake ni bapa, na mbele yake imepinda kama jambia.

Kwa hiyo picha inayoonyesha mbele peke yake haitoshi kusema mashua au dau. Hilo wapigapicha hawalipendi, kwa sababu mbele ndiko kunakopendeza. Kama nyuma haionekani, andika "chombo cha tanga" na utakuwa umesema kweli.

Kwenye chombo chetu cha pili nyuma inaonekana, ni bapa, na ubavu umebaki kidogo sana juu ya maji kwa sababu ya mzigo. Jahazi tupu hali hii hugeuka: ubavu unapanda juu na unaona mkanda mweupe chini, ile deheni ya chokaa na mafuta inayopakwa ili kuzuia wadudu watoboao mbao. Mtu aliyelizoea jahazi likiwa tupu anaweza kuliona limepakiwa akadhani ni chombo kingine, kifupi na cha chini zaidi. Ubavu hupungua na kuongezeka kwa mzigo; tezi haibadiliki.

Ukiingia ndani zaidi, hadi kwenye bandari ya majahazi, tanga lenyewe halipo. Vyombo vimefunga gati, matanga yameteremshwa na kukunjwa. Hapo tafuta foromali. Kwenye jahazi foromali ni mrefu unaokaribia urefu wa chombo chenyewe, na kwa kuwa si rahisi kupata mti mmoja wa kiasi hicho, mara nyingi huungwa kwa miti iliyopishanishwa na kufungwa kamba, ukaona unene katikati na wembamba kwenye ncha. Utaukuta umelazwa juu ya chombo kutoka omo hadi tezi, au umeachwa juu mshazari na tanga limevingirishwa juu yake. Majahazi mengi sasa yana injini na mengine yamekatwa mlingoti ukawa wa kupakulia mzigo tu, na haya ndiyo yanayochanganywa na meli ndogo za chuma, hasa yakiwa na chumba kikubwa cha mabaharia nyuma.

Mbao na chuma huachana kwenye mwanga wa asubuhi au jioni, jua linapopiga ubavu kutoka upande. Ubavu wa mbao huonyesha mistari mirefu inayokwenda kutoka mbele hadi nyuma, ikipinda pamoja na chombo. Hiyo ni mipaka ya mbao. Ubavu wa chuma huonyesha miraba: bati limelegea kidogo kati ya mbavu za ndani kwa miaka ya kupigwa na mawimbi na kugongana na gati, na kila mraba una kivuli chake. Meli iliyopakwa rangi jana bado itakuonyesha miraba hiyo. Halafu tazama mstari wa juu wa ubavu. Wa jahazi unashuka katikati na kupanda kwenye ncha zote mbili. Wa meli ya kisasa ya mizigo umenyooka karibu urefu wote, ukainuka mbele tu.

Sasa vile vitatu visivyo na tanga. Kilicho katikati ya mlango wa bandari ni pantoni, mfano wa MV Kigamboni au MV Kazi zinazovusha watu hapo, au zile za Likoni kule Mombasa. Ukiuliza mbele yake ni ipi, huna jibu, na kukosa jibu huko ndiyo alama yenyewe. Ncha zote mbili ni sawa: butu, pana, na kila moja ina mlango wa chuma unaolala ufukweni magari yakapita. Kibanda cha nahodha kimeinuliwa juu ya sitaha ili aone pande zote mbili, kwa kuwa pantoni haigeuki. Inakwenda na kurudi. Ubavu ni mfupi kwa sababu haiendi bahari kuu, na sitaha ni uwanja wa magari, bajaji na watu waliosimama.

Kuna chombo kimoja kinachofanana nayo na kinapaswa kutengwa. Ni meli bapa yenye mlango wa chuma mbele peke yake, na jengo la nahodha limerudishwa nyuma kabisa. Hiyo si pantoni. Ni chombo cha mizigo, kinapeleka saruji, magari na vifaa vya ujenzi visiwani na mahali pasipo na gati la maana, kikipanda ufukweni na kufungua mdomo. Mlango mmoja au miwili: hesabu hiyo inamaliza ubishi.

Kilicho nyuma ya pantoni, kinachotoka kwa kasi, ni boti ya Zanzibar. Boti hizi za kasi za leo, kama zile za Kilimanjaro za Azam, zina miili miwili iliyounganishwa juu na sitaha. Ikikujia uso kwa uso utaona pua mbili na nafasi katikati yake, hewa na mwanga vikipita chini ya tumbo. Ikipita ubavuni nafasi hiyo haionekani, na hapo utegemee madirisha: safu ndefu isiyokatika, kutoka karibu na pua hadi nyuma, wakati mwingine ghorofa mbili. Meli ya mizigo haina sababu ya kuweka madirisha hayo, maana makontena hayatazami nje. Madirisha yake yamekusanyika kwenye jengo moja tu wanamokaa mabaharia.

Kanuni hiyo ya madirisha inasaidia pia kwa meli zinazobeba abiria na magari pamoja, ambazo zina mwili mmoja mkubwa na kwa mbali zinafanana kabisa na meli za shehena. Pamoja na madirisha, tafuta mapipa meupe yaliyopangwa kwa safu kwenye kingo za sitaha. Ndani yake mna maboya makubwa ya kuokolea watu, yanayojaa upepo yakitupwa majini. Meli ya mizigo yenye mabaharia ishirini na kitu inayo machache. Meli ya abiria mia kadhaa inayo mengi.

Cha tano ni meli ya makontena inayoingia, boti ndogo zenye nguvu zikiisindikiza. Hiyo hakuna atakayeikosea, ila inafaa uitazame usawa wa maji. Sehemu ya chini, mara nyingi nyekundu, ni rangi ya kuzuia viumbe vya baharini kujishika. Ikiwa nyekundu hiyo imejitokeza mkanda mpana, meli ni nyepesi, na mbele utaona kitu cha duara kikichungulia majini kama pua ya nguva: ni donge la chuma linalopunguza wimbi ambalo meli hulitengeneza yenyewe inapokwenda. Meli iliyojaa hulizamisha donge hilo lisionekane. Katikati ya ubavu kuna mduara uliokatwa na mstari, alama ya kikomo cha mzigo, na maji hayaruhusiwi kuupita mstari wa msimu na bahari husika. Jahazi halina mduara huo, nahodha anapima kwa jicho lake.

Hadi hapa tumetaja maumbo, lakini picha ina hila moja kubwa: umbali. Lenzi ya kuvuta mbali huisogeza meli iliyo nyuma ikaonekana imekaa bega kwa bega na ngalawa. Upeo wa macho ndio unaokomboa. Bahari ikiwa tambarare na picha ikiwa imeshikwa bila kuinama, mstari wa upeo hukata kila chombo kwenye kimo kile kile ilipokuwa kamera. Kama mpigapicha alisimama mchangani na kamera yake iko mita mbili juu ya maji, basi popote upeo unapokata chombo, hapo ni mita mbili juu ya maji, kiwe karibu au mbali.

Tuijaribu kwa picha yetu, kwa rula tu. Kwenye ngalawa, upeo unapita utosini kwa mvuvi aliyesimama; inakubali, maana ubavu una nusu mita hivi na mtu juu yake. Kwenye jahazi, kutoka majini hadi upeo ni milimita 5, na kutoka majini hadi ncha ya foromali ni milimita 35. Milimita 5 ni mita mbili, kwa hiyo ncha iko mita 14 juu. Hilo si tanga la mashua ya uvuvi. Kwenye meli, majini hadi upeo ni milimita 4 na majini hadi sitaha ni 20: mara tano, yaani mita 10 za chuma kabla hujafika kontena la kwanza. Kontena nalo ni rula ya pili, kwa sababu vipimo vyake ni vile vile dunia nzima: la futi 20 lina urefu wa mita 6 na ushei, la futi 40 mita 12 na ushei. Hesabu yaliyopangwa kwa urefu na utapata ukubwa wa meli, mradi imepigwa ubavuni. Ikiwa imekuja mshazari, picha inaifupisha.

Njia ya upeo ina mipaka miwili. Nyuma ya chombo kukiwa na ufukwe wa ng'ambo badala ya bahari wazi, ukingo wa maji unaouona si upeo. Uko chini yake, na vipimo vitatoka vikubwa kuliko ukweli. Mpaka wa pili ni mviringo wa dunia. Kwa kamera iliyo mita mbili juu ya maji, upeo uko kilomita tano hivi. Meli iliyotia nanga nje ya hapo imeanza kuzama nyuma ya upeo, ubavu wake wa chini haupo pichani, na meli kubwa inaonekana kama chombo kifupi kilichobeba jengo. Hiyo usiipime. Itambue kwa jengo lake na milingoti yake ya kupakulia, au uiache.

Picha za jua likizama zina shida yake, kwa kuwa kila kitu ni kivuli cheusi na mistari ya mbao haionekani. Hata hapo mlingoti ulioinamia mbele unabaki, tezi inabaki, na mwanga unaopenya kati ya mwili na ndubi unabaki.

Na ukiletewa picha kongwe ya Lamu au Zanzibar yenye chombo cha tanga la mraba, lililosukwa kwa ukindu au miyaa, usidhani imechorwa vibaya. Huo ni mtepe, uliounganishwa kwa kushonwa kamba za nazi bila misumari. Ulikwisha kutoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kwa hiyo kumwona pichani kunakupa na umri wa picha. Huyu peke yake ndiye unayeweza kumtaja kwa tanga kabla hujatazama majini.